GB 64 za Kwenye Boksi na Nafasi Inayobaki Ndani ya Simu

Simu mpya ya Android iliyoandikwa GB 64 kwenye boksi, ikiwashwa kwa mara ya kwanza, inaweza kuonyesha nafasi tupu ya GB 46 au 47. Wiki moja baadaye, kabla mwenyewe hajapiga hata picha kumi, nafasi hiyo imeshuka hadi GB 43 hivi. Wanunuzi wengi hapo hushuku kwamba wameuziwa simu iliyokwisha kutumika, au kwamba muuzaji amebadilisha kitu ndani. Mara nyingi simu haina kasoro. Pengo hilo linatokana na mambo manne: namna gigabaiti inavyohesabiwa, sehemu iliyotengwa kwa ajili ya mfumo endeshi, masasisho ya programu zinazokuja na simu, na RAM ya nyongeza. Kila moja linaweza kupimwa, na anayeyajua anaweza kukadiria nafasi atakayobaki nayo kabla hajalipa.

Gigabaiti ya kiwandani na gigabaiti ya kompyuta

Watengenezaji wa chipu, simu na memori kadi huhesabu kwa makumi. Kwao gigabaiti moja ni baiti 1,000,000,000 kamili. Kompyuta nazo zimejengwa juu ya mbili na vizidishio vyake, kwa hiyo kwa miaka mingi waandishi wa programu waliita gigabaiti kiasi cha baiti 1,073,741,824, yaani 1,024 ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Vipimo hivyo viwili vilitumia jina moja, ingawa cha pili ni kikubwa kuliko cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 7.

Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ilikipa kipimo cha pili jina lake, gibibaiti, kwa kifupi GiB. Wataalamu wanalitumia, lakini programu nyingi zinaendelea kuandika GB huku zikihesabu kwa 1,024. Windows hufanya hivyo mpaka leo. Kompyuta za Apple zilihamia hesabu ya makumi mwaka 2009, na skrini ya mipangilio ya Android ikafuata kuanzia toleo la 8 la mwaka 2017. Ndiyo maana memori kadi ileile ya GB 64 husomeka kama GB 59.6 kwenye kompyuta ya Windows na kama GB 64 kwenye Mac. Baiti zilizomo ni zilezile, na kilichobadilika ni kipimo tu.

Ndani ya simu moja pia vipimo viwili vinaweza kukutana. Skrini ya mipangilio huenda ikahesabu kwa makumi, na programu ya kupangia faili ikahesabu kwa 1,024. Mtu akiona GB 43 upande mmoja na GB 40 upande mwingine, asidhani kuna faili zilizofichwa. Njia ya kuoanisha ni rahisi: namba ya makumi ikizidishwa kwa 0.93 hutoa namba ya GiB. Kwa simu ya GB 64 tofauti hii inafika karibu 4.4, na kwa simu ya GB 128 inafika karibu 8.8. Hiyo ndiyo sehemu ya pengo isiyomnyima mtu nafasi yoyote.

Upungufu mdogo wa kweli upo kwenye chipu yenyewe. Chembe za kuhifadhia data huchakaa kadiri zinavyoandikwa na kufutwa, kwa hiyo kidhibiti kilicho ndani ya chipu hujiwekea akiba ya chembe za kuziba pengo la zilizokufa. Sehemu kubwa ya akiba hiyo huwa nje ya hesabu inayotangazwa, lakini baadhi ya chipu hukatwa pia kidogo kutoka kwenye kiasi kilichotajwa. Chipu nyingi za aina ya eMMC zinazouzwa kama GB 64, kwa mfano, huipa simu baiti 62,537,072,640. Kwa hesabu ya makumi hizo ni GB 62.5, na kwa hesabu ya 1,024 ni GiB 58.2.

Sehemu ya mfumo

Kabla simu haijatoka kiwandani, chipu hugawanywa katika sehemu zenye mipaka. Sehemu kubwa kuliko zote, inayoitwa `userdata`, ndiyo ya mwenye simu: humo hukaa picha, ujumbe, programu anazopakua na data zake. Sehemu nyingine zimebeba mfumo endeshi, programu za kuendeshea kamera na modemu, zana za kuiokoa simu inapokataa kuwaka, na programu ambazo kampuni imeziweka tayari. Mwenye simu anazisoma tu bila kuweza kuziandika. Katika simu nyingi za leo hukaa pamoja ndani ya eneo kubwa linaloitwa `super`.

Ukubwa wa eneo hilo umepangwa na kampuni, na nafasi tupu iliyomo haihamii kwa mtumiaji. Kampuni huacha kiasi fulani kwa sababu toleo lijalo la Android huenda likawa kubwa kuliko la sasa. Namna ya kusasisha nayo ina gharama yake. Kuanzia Android 7 ya mwaka 2016, simu ziliweza kubeba nakala mbili za mfumo, moja ikitumika na nyingine ikisasishwa nyuma ya pazia, ili sasisho likiharibika simu irudi kwenye nakala ya kwanza. Usalama huo ulikula nafasi mara mbili. Android 11 ya mwaka 2020 ilileta njia ya kubana matumizi hayo: badala ya kutunza nakala ya pili muda wote, simu huazima nafasi kutoka `userdata` wakati wa kusasisha, kisha huirudisha. Faida yake ni nafasi kubwa zaidi kwa mtumiaji, lakini simu iliyojaa kabisa inaweza kushindwa kupokea sasisho.

Kiasi kinacholiwa na mfumo hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni. Mwanzoni mwa mwaka 2014 shirika la kutetea wateja la Uingereza, Which?, lilipima simu kadhaa zilizouzwa kama GB 16. iPhone 5c ilibaki na GB 12.6 za kutumia, na Samsung Galaxy S4 ikabaki na GB 8.56, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kilichotangazwa. Namba ya kwenye boksi ilikuwa moja kwa simu zote mbili, lakini mnunuzi wa moja alipata karibu mara moja na nusu ya nafasi aliyopata mwenzake. Simu za sasa zina hifadhi kubwa zaidi, na mifumo nayo imenenepa.

Programu zinazokuja na simu

Upungufu unaoonekana katika wiki ya kwanza una chanzo kingine. Programu zilizowekwa kiwandani zimo ndani ya sehemu ya mfumo, ambako haziwezi kuandikwa upya. Simu inapounganishwa na intaneti, duka la programu huanza kuzisasisha. Toleo jipya haliwezi kuingia mahali pa lile la zamani, kwa hiyo huwekwa kwenye `userdata`, na la zamani hubaki lilipokuwa. Programu ya ramani iliyokuja ikiwa na MB 150 sasa ina nakala mbili: moja ya kiwandani ndani ya mfumo, nyingine mpya kwenye nafasi ya mwenye simu. Programu 30 au 40 zikifanya hivyo, GB 3 au 4 hupotea bila mtu kupakua chochote.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwenye skrini. Mtu akifungua maelezo ya programu iliyokuja na simu, mara nyingi hatakuta kitufe cha kusanidua. Atakuta cha kuzima, na ndani ya menyu atakuta cha kusanidua masasisho. Akisanidua masasisho, nakala mpya hufutwa na nafasi yake hurudi. Akiizima programu baada ya hapo, haitasasishwa tena wala kujilimbikizia data. Nakala ya kiwandani haiondoki, na hata simu ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani nafasi yake haipatikani. Anayezima programu asiyoitumia basi anaokoa ukubwa wa masasisho na data zake tu.

RAM ya nyongeza

Katika maduka ya Afrika Mashariki simu nyingi huuzwa kwa tangazo la RAM lenye alama ya kujumlisha, kama 4+4 au 8+8. Namba ya kwanza ni RAM halisi, yaani chipu yenyewe. Ya pili ni kipande cha hifadhi ambacho mfumo umekitenga kuhamishia data za programu zilizo nyuma wakati RAM halisi inapojaa. Samsung huita huduma hiyo RAM Plus, na Tecno huiita MemFusion.

Kipande hicho hukatwa kutoka kwenye nafasi ya mtumiaji. Simu ya GB 64 yenye tangazo la 4+4, huduma ikiwa imewashwa, imepoteza zaidi ya GB 4 za hifadhi. Chipu ya hifadhi ni ya polepole sana ikilinganishwa na RAM, hivyo faida yake ni programu chache zaidi kubaki wazi nyuma, na simu yenyewe haiwi na kasi ya RAM ya GB 8. Katika simu nyingi huduma hii inaweza kupunguzwa au kuzimwa kwenye mipangilio, kisha simu ikawashwa upya. Kati ya mapengo yote manne, hili ndilo pekee ambalo mwenye simu anaweza kulifuta lote kwa dakika moja.

Hesabu ya simu moja

Mambo haya yakiwekwa pamoja, picha nzima huonekana. Ichukuliwe simu ya mfano ya GB 64, 4+4, yenye chipu ya eMMC iliyotajwa hapo juu, na hesabu yote iwe ya makumi.

Chipu inatoa GB 62.5. Sehemu za mfumo zinachukua GB 10.5, na `userdata` inabaki na GB 52. Kutoka hapo RAM ya nyongeza inakata GB 4.3, na data za mwanzo za mfumo zinakata GB 1. Siku ya kwanza, basi, nafasi tupu ni GB 46.7. Masasisho ya wiki ya kwanza yanachukua GB 4, na nafasi inashuka hadi GB 42.7. Programu ya faili inayohesabu kwa 1,024 itaiandika nafasi hiyohiyo kama GB 39.8.

Skrini ya hifadhi kwenye mipangilio itaandika kwamba jumla ni GB 64, ingawa chipu ina GB 62.5. Hiyo ni kwa sababu Android huchukua ukubwa halisi na kuupandisha hadi ukubwa wa kibiashara ulio karibu, kama 32, 64, 128 au 256. Katika simu nyingi, ziada inayopatikana kwa kupandisha huku huingizwa kwenye mstari wa mfumo. Mmiliki ataona kwamba mfumo umekula GB 12, wakati 1.5 kati ya hizo hazikuwahi kuwapo. Kwa hiyo mstari wa jumla hausaidii kupima chochote. Namba ya kuangalia ni ya nafasi iliyo tupu.

Hata GB 42.7 hizo si zote za kujaza. Android huanza kuonya nafasi tupu inapofika asilimia 5 ya hifadhi au MB 500, kutegemea ipi ni ndogo, lakini matatizo huanza mapema zaidi. Chipu isiyo na chembe tupu za kutosha hulazimika kuhamisha data za zamani kabla ya kuandika mpya, na simu huwa nzito kufungua kamera au kupokea picha. Masasisho ya mfumo nayo yanahitaji nafasi ya kuazima. Kuacha GB 5 tupu ni kadirio la busara kwa simu ya ukubwa huu. Zinazobaki ni GB 37.7, na hicho ndicho kiasi ambacho mnunuzi amekinunua kwa kweli. Kwa video ya kawaida ya 1080p inayokula MB 130 kwa dakika, nafasi hiyo ingejaa kwa saa tano hivi, kabla ya kuhesabu programu wala picha za WhatsApp.

Kwa nini simu ndogo huumia zaidi

Makato mengi katika hesabu hii hayakui pamoja na hifadhi. Mfumo, masasisho, RAM ya nyongeza na akiba ya GB 5 kwa pamoja vinafika GB 25 hivi, iwe simu ni ya GB 64 au ya GB 128. Pengo la chipu peke yake ndilo hukua kadiri ya ukubwa.

Simu hiyohiyo ingetengenezwa kwa GB 128, na pengo la chipu likawa GB 3, nafasi ya kutumia ingefika takriban GB 100. Hifadhi iliyotangazwa imezidi mara mbili, lakini nafasi ya kutumia imezidi zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa upande wa chini, simu ya GB 32 yenye mfumo huohuo ingebaki na GB 6 na ushee tu. Ndiyo sababu kampuni huziwekea simu za ukubwa huo Android iliyopunguzwa, ijulikanayo kama Android Go, na bado nafasi huwa ya kubana.

Hii ndiyo hesabu ya kufanya mbele ya kaunta. Badala ya kugawa bei kwa GB zilizoandikwa kwenye boksi, mnunuzi atoe kwanza GB 25 kwa simu ya Android ya kawaida, kisha agawe bei kwa kinachobaki. Simu ya GB 128 iliyoongezeka bei kwa asilimia 20 juu ya ile ya GB 64 tayari ni nafuu zaidi kwa kila GB ya kwenye boksi. Kwa kuangalia nafasi ya kutumia, kila GB yake imeshuka chini ya nusu ya bei.

Memori kadi hupunguza tatizo bila kulimaliza. Picha, video na muziki hukaa juu yake vizuri, lakini programu nyingi na data zao hubaki kwenye hifadhi ya ndani. Kuanzia Android 6 ya mwaka 2015 mfumo uliruhusu kadi kuunganishwa na hifadhi ya ndani ikawa kitu kimoja, lakini kampuni nyingi zimeiondoa njia hiyo kwenye simu zao. Kadi basi isihesabiwe kama sehemu ya nafasi ya programu.

Kupima kabla na baada ya kununua

Dukani, simu ifunguliwe bila akaunti wala intaneti, na iende kwenye Mipangilio, kisha Hifadhi. Nafasi tupu isomwe hapo. Kutoka kwenye namba hiyo zitolewe GB 4 za masasisho yajayo na GB 5 za akiba. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na simu nyingine. Kama RAM ya nyongeza imewashwa, izimwe kwanza ili simu mbili zilinganishwe kwa usawa. Simu iliyotumika irudishwe kwenye hali ya kiwandani mbele ya mnunuzi kabla ya kusoma, la sivyo namba itakuwa inapima vitu vya mwenye simu wa zamani.

Mwenye kompyuta anaweza kusoma ukubwa wa `userdata` moja kwa moja, bila kupandishwa, baada ya kuwasha hali ya wasanidi programu na kuruhusu USB. Amri ya kwanza huhesabu kwa 1,024 na ya pili kwa makumi:

```
adb shell df -h /data
adb shell df -H /data
```

Safu ya `Size` ndiyo ukubwa wa sehemu ya mtumiaji, na `Avail` ndiyo nafasi tupu. Kwa simu ya mfano, amri ya kwanza ingeonyesha takriban 48G na ya pili takriban 52G.

Kuna pengo ambalo halielezwi na lolote kati ya hayo manne, nalo ni la simu na kadi bandia. Simu ya bei ya chini sana inayotangaza GB 512 au TB 1 huweza kuwa na chipu ya GB 16 na mfumo uliohaririwa uandike namba yoyote. Dalili yake ni kinyume cha simu halali: nafasi tupu inakaribia mno ile iliyotangazwa, kana kwamba mfumo haukuchukua kitu. Namba za skrini haziaminiki hapo, wala majibu ya amri. Kipimo cha kweli ni kuandika na kusoma tena. Faili kubwa za video zinakiliwa kutoka kwenye kompyuta hadi zizidi ukubwa unaoshukiwa, kisha zinafunguliwa zote, za kwanza na za mwisho. Chipu bandia hukwama katikati, au hukubali kila faili kisha baadhi zikakataa kufunguka kwa sababu data mpya imeandikwa juu ya ya zamani. Kwa memori kadi kazi hiyo hufanywa na H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, ambazo hujaza kadi nzima, huisoma upya na kutaja ukubwa wake halisi.

Simu halali itaonyesha pengo linaloeleweka: asilimia 7 zikiwa ni za kipimo tu pale programu inapohesabu kwa 1,024, GB 10 hadi 20 zikiwa za mfumo na programu zake, na nyingine chache za RAM ya nyongeza kama imewashwa. Pengo likizidi hapo sana kwenye simu isiyo na data, muuzaji ana swali la kujibu. Pengo likikosekana kabisa, swali hilo ni kubwa zaidi.